Nimelipa laki mbili na nusu kwa tangazo la sabuni: wimbo wa redio na mswada wa video

Habari zenu, karibuni tena. Leo sina simu wala blenda mezani, nina wimbo. Shangazi yangu wa Morogoro anatengeneza sabuni ya mche, na nimemlipia studio moja wamtungie tangazo la sekunde 30 na mswada wa video yake. Jina la sabuni hataki litajwe bado, basi humu tutaiita Mapovu. La kweli nalo lina silabi tatu, kwa hiyo wimbo haujabadilika. Sikilizeni maneno kwanza:

Shati la sare ya shule, limerudi na matope,
Sugua huku na kule, mpaka liwe jeupe,
Mapovu kata kipande, husafisha barabara,
Doa gumu lisishinde, usifue mara mara.

Jamani, hapo mtunzi kakaa! Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Mwaka jana studio nyingine ilinitoza laki moja na nusu, ikaniletea wimbo uliokwisha tumika, wamechomeka jina tu. Huu umeshonwa kwa kipimo. Mwendo wake ni mapigo 96 kwa dakika, kwa hiyo kila bari ya mapigo manne inakula sekunde mbili na nusu. Bari 12 ndizo sekunde 30 kamili: mbili za ngoma, nane za maneno, mbili za kuitia jina mwishoni.

Sasa njooni kwenye kilichoniudhi. Pigeni makofi nami, polepole, manne. Hu-sa, FI-sha, BA-ra, BA-ra. Mmesikia? Mwimbaji anavuta ile "ba" ya pili, kwenye kofi la nne. Kwa hiyo anaimba "baraBAra". Hiyo ni ya magari! Sabuni ya shangazi inasafisha lami! Maneno yetu karibu yote mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana mtunga sauti hakushtuka. Lakini "baRAbara", ya sawasawa, ni mkaidi, mkazo unarudi nyuma. Kwenye karatasi yanafanana, kwenye redio hayafanani hata kidogo. Shangazi alisikia mara moja tu akaniuliza, "Mwanangu, barabara ipi tena?"

Dawa ipo, wala huvunji wimbo. Rudini kwenye makofi. Hu-sa, FI... halafu "sha" na "ba" zibaneni pamoja ndani ya nusu ya kofi, ili "ra" iangukie kofi la tatu, ivuteni hapo: FI-shaba-RAAA, bara. Tena. Hu-sa, FI-shaba-RAAA, bara. Hapo mama aliye jikoni anaelewa kwamba nguo itatakata. Niliwatumia studio sauti yangu nikiimba hivyo kwenye simu, wakarudia mstari mmoja bila kunidai.

Nikikumbuka, jina nalo linachelewa. Linasikika kwa mara ya kwanza sekunde ya 15. Kwenye redio mtu anaweza kuwa ameshageuza stesheni. Ningeliita kwenye bari ya pili ya ngoma, nafasi iko wazi kabisa.



Haya, video. Mswada una picha nne, kila mstari sekunde tano: shati lenye tope ndani ya beseni, mikono ikisugua, kisu kikikata mche, kisha dada ameshika sabuni anatabasamu. Tatu za kwanza nazipenda, simu moja inatosha kuzipiga. Ya nne hapana. Wimbo unasema doa lisishinde, tunataka kuliona doa halipo! Nimebadilisha: lile lile shati, kola ile ile, sasa liko kambani.

Na hapo kuna mtego. Nilipiga kola kwa karibu, ikajaa kioo chote, ikatoka ya kijivu. Shati jeupe pee, kwenye video kama halijafuliwa! Kamera ya simu ikiona weupe mtupu inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gusa kola kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga ujifunge, kisha sogeza kile kijua pembeni kwenda juu kidogo kidogo. Ukiona mistari ya uzi imeanza kupotea, umezidisha, rudisha. Na usipige jua la saa sita, kaa kivulini.

Laki mbili na nusu ni haki? Kwa maneno yale, ndiyo, ningelipa tena. Ila hawakunipa toleo la sekunde 15, na hilo ningelidai kabla ya kutoa hela. Sasa tegeni masikio, nawachezea mstari wa tatu, wa kwanza ulivyokuja na wa pili uliorekebishwa. Niandikieni hapo chini mmesikia ipi.