Dobi au jakadi: hesabu safu za ua lako kabla ya kutoa pesa

Kila mtu anayetaka kuhama kutoka mashine ya kufuma ya fremu nne huuliza swali moja: ninunue dobi au jakadi? Zote mbili ni mitambo ya kuchagua nyuzi zipi zipande wakati wa kufuma. (Dobi hii si yule wa kupiga pasi.) Kabla ya kuulizia bei, chukua karatasi ya miraba na penseli, kwa sababu jibu liko kwenye ua unalotaka kufuma.

Nguo ina nyuzi za mtande, zilizotandwa kwa urefu, na uzi wa mshindio unaopita kati yake. Kila mraba wa karatasi ni mahali nyuzi hizo zinapokutana. Ukiupaka mweusi, umesema mtande uwe juu ya mshindio. Ukiuacha mweupe, mtande uko chini. Hakuna alama ya tatu. Ua lote, liwe msumari wa kikoi au sura ya mtu, ni maelfu ya majibu ya "juu" na "chini". Mashine zinatofautiana katika jambo moja tu: ni nyuzi ngapi zinazoweza kupewa jibu lake zenyewe.

Dobi huzipa majibu fremu. Nyuzi zote zilizopita kwenye vitanzi vya fremu moja hupanda na kushuka pamoja. Jakadi huupa kila uzi, au kila kikundi kidogo cha nyuzi, ndoano yake. Ndiyo maana kanuni ya ununuzi ni fupi: hesabu safu za wima zisizofanana kwenye karatasi yako. Safu mbili zinazofanana kabisa kutoka juu hadi chini zinaweza kukaa kwenye fremu moja. Zisizofanana haziwezi.

Tuchukue mfano halisi. Mteja anataka vikoi vyenye taraza, ule ukingo wa urembo, iliyoandikwa KARIBU, neno likijirudia kama ngazi kwa urefu wa nguo. Herufi tunazichora kwa mistari 7, kila moja safu 5, isipokuwa I yenye safu 3. Bila kuhesabu nafasi kati ya herufi, safu zenye wino ni 28. Nyuzi za herufi ni za ziada, za rangi nyingine, zimepita katikati ya mtande wa kawaida. Hupanda pale herufi inapotakiwa kuonekana, na muda mwingine hulala mgongoni mwa nguo.

Sasa linganisha safu. Mguu wa K, wa R, wa B na wa I ni safu moja: nyeusi juu hadi chini. Miguu miwili ya A inafanana. Matumbo matatu ya A yanafanana, na moja la R linaungana nayo. Ncha mbili za I ni sawa na ncha ya mwisho ya K, mraba wa kwanza na wa mwisho tu. Ukimaliza, safu 28 zimebaki aina 14. Fremu 14 za herufi, jumlisha 2 za nguo yenyewe ambayo ni ufumaji wa kawaida wa juu-chini, jumla 16. Dobi ya fremu 16 inabeba neno hilo bila fremu hata moja kubaki.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni dobi ya vigingi, fremu 16. Aina ya mbao ya kutumia kwa miguu hutengenezwa sana India kwa ajili ya wafumaji wa mkono. Juu au pembeni kuna mnyororo wa vibao vyenye matundu, na kwenye matundu unapachika vigingi. Kwenye dobi za namna hii, kwa kawaida kibao kimoja ni mpito mmoja wa mshindio. Kigingi kikiwapo, fremu ya tundu hilo inapanda. Ukikanyaga, mnyororo unasogea kibao kimoja. KARIBU yetu, kila mstari wa herufi ukipewa mipito 4 na mwanya wa mipito 8 kabla ya neno linalofuata, inahitaji vibao 36. Katika mipito hiyo 4, panda mitatu na shuka mmoja, ili uzi mrefu wa mguu wa K ufungwe kila baada ya mipito michache, usikae hewani ukinasa pete za watu.

Mgongoni hali si nzuri hivyo, na nakuambia mapema: ile safu ya U yenye mraba mmoja tu chini italala mipito 33 bila kufungwa. Kwa nguo ya mipito 16 kwa sentimita, hiyo ni kama sentimita 2 za uzi ulio huru. Ukiufunga, nukta itaonekana usoni. Kwenye kikoi inavumilika. Kwenye shali ya mtoto mchanga usiifume.

Ukienda kuikagua mashine iliyotumika, pachika vigingi vyote kwenye kibao kimoja, kanyaga, kisha tazama fremu ukiwa umeinama usawa wa nyuzi. Zote zipande kwa kimo kimoja. Iliyobaki nyuma nusu kidole ina kamba iliyovutika au ndoano iliyolika, na mshindio utapita juu yake mahali ulipopaswa kupita chini. Kisha fanya na kibao kitupu, fremu isipande hata moja. Mimi niliwahi kununua dobi bila kufanya jaribio hili la pili. Fremu ya 11 ilikuwa inapanda yenyewe kila ilipotaka, na ilinichukua vikoi viwili kuelewa kwamba si vigingi vyangu vilivyokosewa.

Mwezi unaofuata mteja huyo anataka ASANTE. Ukihesabu, aina za safu ni 11 tu, chache kuliko za KARIBU. Utafurahi, kisha utakaa chini: nyuzi zimeshapitishwa kwenye vitanzi kwa mpango wa KARIBU. Safu ya kwanza ya K iko fremu ya mguu mzima, na sasa pale pale panatakiwa mguu wa A. Vigingi peke yake havitoshi. Lazima uzitoe nyuzi za herufi na kuzipitisha upya, uzi kwa uzi. Kubadili mpangilio wa kupanda kwenye dobi ni rahisi. Kinachokula siku ni kubadili uzi upi uko fremu ipi.

Ndiyo maana namba mbili naipa jakadi ndogo ya ndoano 100 au 120, si dobi kubwa zaidi. Neno lolote la herufi 6, kila herufi safu 5 na nafasi kati yake, halizidi safu 35. Kila safu inapata ndoano yake, hata iliyo tupu, na nyuzi za nguo zinabaki kwenye fremu zako mbili za kawaida. Ndoano 35 zitumie kwa taraza ya kushoto, na kamba za ndoano hizo hizo ziteremke pia taraza ya kulia. Mteja akibadili neno, unatoboa kadi nyingine 36 na hugusi mtande.

Kadi inafanya kazi hivi. Kila ndoano imesimama wima, na imeshikwa na sindano iliyolala. Kadi inabanwa kwenye ncha za sindano. Penye tundu, sindano inaingia, ndoano inabaki wima, na kisu, ubapa wa kuinulia ndoano, kinapopanda kinaibeba pamoja na uzi wake. Pasipo tundu, kadi inaisukuma sindano, ndoano inainama nje ya njia, na kisu kinapita bila kuigusa. Tundu ni mraba mweusi wa karatasi yako. Wazo hilo halikuanza na Joseph Marie Jacquard: Basile Bouchon wa Lyon alitumia karatasi yenye matundu mwaka 1725. Jacquard aliikamilisha mashine mjini humo mwaka 1804. Picha yake ya hariri iliyofumwa mwaka 1839 ilihitaji kadi 24,000 hivi, kwa hiyo usilalamikie 36.

Jaribio la dukani ni lile lile: kadi isiyo na tundu, kitu kisipande, na kadi yenye matundu yote, ndoano zote zipande. Pwani ongeza swali la kadi zenyewe. Za karatasi hunywa unyevu wa masika, zinatanuka, na tundu halikutani tena na sindano. Omba za plastiki. Pima pia dari, kwa sababu jakadi hukaa juu ya mashine na kamba zake zinahitaji kimo. Chumba cha kawaida cha kupanga mara nyingi hakitoshi.

Namba tatu ni dobi ya kompyuta, fremu 24 au 32. Badala ya vigingi, sumaku za umeme huchagua fremu, na ua linakaa kwenye faili la WIF, ambalo ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma. Sehemu mbili za faili hilo, kwa msokoto wa kawaida wa 2/2 wa fremu 4, yaani kila uzi juu ya mipito miwili na chini ya miwili, ni hizi:

```
[THREADING]
1=1
2=2
3=3
4=4

[LIFTPLAN]
1=1,2
2=2,3
3=3,4
4=4,1
```

Sehemu ya kwanza inasema uzi upi uko fremu ipi. Ya pili ndiyo vibao vya vigingi: mpito wa kwanza inua fremu 1 na 2. Ni tamu kwa anayebuni maua ya mistari na almasi kila siku, maana kujaribu ua jipya ni kubadili faili. Lakini sehemu ya kwanza bado imefungwa kwenye vitanzi kama ilivyokuwa, kwa hiyo kwa kazi ya majina umelipa zaidi na tatizo la ASANTE liko pale pale. Umeme ukikatika, fremu hazichaguliki.

Jakadi kubwa ya ndoano 400 naiweka ya nne, kwa anayefuma maua makubwa yasiyojirudia karibu. Kwenye nguo ya nyuzi 20 kwa sentimita, ndoano 400 zinakupa ua la upana wa sentimita 20, kisha linarudia. Usiinunue bila fundi wa kufunga kamba. Jakadi ya elektroniki ya mkono, kama TC2 ya Norwei ambapo kila uzi una kitanzi chake na nukta moja ya picha ni uzi mmoja, ni makumi ya maelfu ya dola. Hiyo ni ya chuo au ya msanii mwenye mfadhili.

Ukishanunua, kosa kwenye nguo litakuambia lilipo. Likiwa mstari unaoteremka kwa urefu wa nguo, shida ni ndoano, kamba au kitanzi cha uzi huo. Likiwa doa linalorudi kila baada ya mipito 36, mahali pale pale pa neno, acha mashine ilivyo. Hesabu vibao au kadi kutoka mwanzo wa neno, na utakuta kigingi kilichoanguka au tundu ulilosahau kutoboa.