Asidi au Klorini? Ukoko wa Choo Umenitibua

Haya wadau, karibuni. Nina chupa mbili hapa, na hii nyeupe ya klorini imenitibua. Imeandikwa "huondoa madoa sugu". Hebu sogeeni muone.

Ule mstari wa kahawia pale maji yanapokomea mnauona? Jana nilimwaga klorini, nikasubiri, nikasugua. Umekuwa mweupe, ukadhani umetoka. Sasa nauparuza kwa kijiti... mnasikia? Kwaru, kwaru. Ukoko uko palepale, umepaushwa tu! Huo ni chokaa ya maji iliyogandamana na mkojo, na klorini haiyeyushi chokaa. Inaua vijidudu na kupausha rangi, basi.

Sasa hii ya asidi. Hapana, siimwagi juu ya klorini! Vikikutana inatoka gesi ya klorini, nzito kuliko hewa, inatuama chini pale pale ulipoinamia, na inachoma mapafu. Choo hiki nilikiflashi mara kadhaa jana, na leo ndiyo naleta asidi. Dirisha wazi, glavu mkononi. Mkichanganya kwa bahati mbaya mkaanza kukohoa, tokeni nje kwanza. Kusafisha baadaye.

Kwanza nayasukuma maji kwa brashi yavuke kule nyuma, la sivyo asidi inazimuliwa kabla haijaugusa ukoko. Halafu, jamani, nimependa hii shingo iliyopinda! Inafika chini ya ukingo bila kurusha matone. Ile nyingine ya mdomo mnyoofu, ya bei ya kutupa, inamwagikia mkono. Tazameni povu hilo: asidi inakula chokaa, inatoa hewa ya ukaa. Pasipo povu hakuna chokaa, kwa hiyo msiongeze dawa, mnapoteza hela. Nasubiri dakika kumi, povu likitulia nasugua kidogo, naflashi. Kijiti tena... kinateleza!

Mabomba? Ya plastiki hayana shida na kiasi hiki. Ya chuma cha zamani ndiyo huliwa, hasa mtu akiiacha asidi ilale humo usiku kucha. Pia isiguse sakafu ya saruji, marumaru wala koki za kromu. Na wenye mashimo ya maji taka, klorini nyingi inaua bakteria wanaomeng'enya uchafu, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha.

Mimi nanunua zote mbili: asidi ukoko ukijitokeza, klorini siku nyingine, na choo kiflashiwe kwanza maana klorini na mkojo navyo hutoa gesi kali.

Vile vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi mmeviuliza sana. Vyenye klorini vinaharibu mpira wa valvu, maji yanaanza kuchuruzika bila kukoma. Nimeshafungua tangi moja, video inakuja wiki ijayo. Bonyezeni kengele.