Paneli inayofuata jua: inaongeza umeme au inajila yenyewe?

Habari zenu wakuu, karibuni mezani. Leo tunaichambua hii seti ya kufuata jua ambayo wengi mmeniomba niiguse. Ndani ya boksi kuna bodi ya aina ya Arduino Uno, vihisi mwanga vinne, vile vidogo vyenye mistari ya mawimbi usoni vinavyoitwa LDR, mota mbili za sevo aina ya SG90, fremu ya plastiki, na paneli ndogo ya volti 6, wati 1. Mota ya chini inageuza paneli mashariki na magharibi, ya juu inaiinamisha na kuiinua. Kuifunga si kazi, jioni moja inatosha. Swali la leo ni moja tu: umeme unaoongezeka unatosha kulipia usumbufu wote huu?

Nianze na kile wanachokuonesha dukani. Muuzaji anawasha tochi, anaisogeza kushoto, paneli inamfuata. Anaisogeza kulia, inamfuata. Unashangaa, unatoa hela. Sasa itoe hiyo seti nje saa tano, jua la Dar limekolea, halafu angalia. Tazameni hapa: inatikisika kidogo, inasimama, na imesimama upande usio sahihi.

Sababu iko kwenye rezista. Kila kihisi kimeungwa na rezista ya 10K, na bodi inasoma volti katikati yao, ikiipa namba kuanzia 0 hadi 1023. LDR ukinzani wake unashuka mwanga ukizidi. Chumbani, kwenye mwanga wa taa, unakuwa maelfu ya omu, kwa hiyo 10K inafaa kabisa. Lakini kwenye jua kali unashuka hadi makumi ya omu tu. Chukua mfano wa GL5528, aina inayopatikana sana. Ukikadiria kwa takwimu za mtengenezaji, kihisi kinachoona jua moja kwa moja kinafika omu 24 hivi, na kilicho kivulini, kinachopata sehemu moja ya kumi ya mwanga ule, kinabaki na omu 120 hivi. Ukiweka 10K pale, wa juani anasoma 1021, wa kivulini 1011. Tofauti kumi! Mmoja yuko juani, mwingine kivulini, na bodi inaona karibu kitu kilekile. Ukijumlisha na ukweli kwamba LDR mbili za mfuko mmoja hazilingani, hiyo kumi inamezwa yote.

Toa 10K, weka rezista ya omu 330. Wa juani sasa anasoma 954, wa kivulini 750. Hapo bodi ina kitu cha kufanyia uamuzi. Bei yake ni shilingi chache, na ni aibu kwamba seti haiji hivyo. Tahadhari moja: kwa omu 330 kila kihisi kinapitisha miliampea 14 hivi kikiwa juani, muda wote. Kwa hiyo usiviunge moja kwa moja kwenye volti 5. Kila kimoja kipe pini yake ya bodi, uiwashe wakati wa kusoma tu, kisha uizime.

Haya, sasa inafuata jua kweli. Twende kwenye hesabu.

Wauzaji wengi wanaleta maltimita, wanapima volti za paneli ikiwa imelala, halafu ikiwa imegeukia jua. Hicho kipimo hakikuambii kitu. Volti za paneli isiyo na mzigo hazibadiliki sana kati ya jua kiasi na jua kali. Kinachobadilika ni mkondo. Pima ampea, paneli ikiwa inachaji betri au ikiwa na rezista ya mzigo, na weka paneli ya pili ya aina ileile pembeni, imelazwa tu, ili wingu likipita liwapitie zote mbili.

Utapata faida gani? Kwenye karatasi, kama kusingekuwa na hewa wala mawingu, paneli inayofuata jua kutwa nzima ingepata asilimia 57 zaidi ya iliyolala, hapa kwetu karibu na ikweta. Hiyo ndiyo namba inayopendwa kwenye matangazo. Lakini fikiria faida yenyewe inatoka saa ngapi. Paneli iliyolala, saa nne asubuhi, tayari inapokea asilimia 87 ya jua la moja kwa moja. Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, yaani wakati wa jua lenye nguvu, kuigeuza kunaongeza kidogo sana. Faida kubwa iko saa moja, saa mbili asubuhi, na tena jioni, na huo ndio wakati jua lenyewe ni dhaifu. Likiwa nyuzi 15 juu ya upeo, miale yake inapita kwenye hewa karibu mara nne ya ile ya utosini. Na hapo sijataja mwembe wa jirani.

Kwa hiyo siku safi isiyo na mawingu, asilimia 20 hadi 30 ndiyo namba ya kuaminika. Siku ya masika, mwanga unatoka mbingu nzima, na paneli iliyolala inaiona mbingu yote. Iliyoinamishwa pembeni inaona sehemu yake tu. Siku kama hiyo hii mashine inaweza kupata pungufu, huku ikihangaika kufuata kingo za mawingu zenye kung'aa.

Tuseme robo, tuipe heshima yake. Paneli ya wati 1 hapa Dar, kwa saa tano za jua kamili kwa siku, inatoa wati-saa 5. Robo yake ni 1.25. Hiyo ndiyo faida. Sasa matumizi: bodi aina ya Uno, hata isipofanya kitu, inavuta miliampea karibu 50 kwa volti 5, yaani robo wati. Ukiiwasha saa kumi na mbili tu za mchana, ni wati-saa 3. Ongeza sevo mbili zinazonung'unika kushikilia pembe. Imekula zaidi ya mara mbili ya kilichoongezeka, kabla ya usiku kuingia. Kama umeiacha imewaka usiku kucha, bodi peke yake imekula wati-saa 6, zaidi ya zile 5 ambazo paneli ingezalisha ikiwa imelala tu.

Unaweza kuipunguza. Chipu tupu ya ATmega328P, ule ubongo wa bodi ya Uno, ikilazwa usingizi inakula kiasi kisichostahili kutajwa. Na hakuna haja ya kuangalia jua kila sekunde, maana linatembea nyuzi 15 kwa saa. Ukigeuza paneli kila nusu saa, hata ikiwa nje kwa nyuzi saba na nusu, unapoteza chini ya asilimia moja.

Hapo ndipo mimi nauliza: vihisi vya nini basi? Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunasoma saa zetu kwa jua. Saa moja, nyuzi 15 juu ya upeo. Saa tatu, nyuzi 45. Saa sita, utosini. Zidisha saa kwa 15, umepata pembe. Kuna kusogeza kidogo tu, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dar iko 39. Jua linafika katikati yapata saa sita na dakika 24. Ukiwa Nairobi ni kama saa sita na nusu, Mwanza karibu saa saba kasorobo. Chukua kisaa cha DS3231, na kiini cha programu ni hiki hapa kwenye skrini. Namba 6.4 ni ya Dar, yaani saa kumi na mbili na dakika 24 asubuhi, saa sita kabla ya jua kufika katikati, na `saaYaUkutani` ni ya mfumo wa saa 24, yenye desimali:

```cpp
float saa = saaYaUkutani - 6.4;
int pembe = constrain(saa * 15, 30, 150);
sevo.attach(9);
sevo.write(pembe);
delay(800);
sevo.detach();
```

Mstari wa mwisho unaiachia mota isinung'unike. Hakuna kihisi cha kuchafuka vumbi wala cha kudanganywa na wingu. Mota ya pili nayo itoe. Jua la mchana Dar linakwenda kaskazini nyuzi 30 mwezi Juni, na kusini nyuzi 17 mwezi Desemba. Mabadiliko ya taratibu hivyo unayamaliza kwa kipande cha ubao: mwanzoni mwa Machi inamisha kaskazini, Oktoba rudisha.

Najua kuna mtu ameshaandika: "Je, nikiweka kwenye paneli kubwa?" Swali zuri. Kwa wati 100, faida ya robo ni kama wati-saa 125 kwa siku, na ulaji wa bodi hauonekani tena. Tatizo linahamia kwenye upepo. Paneli hiyo ina eneo kama theluthi mbili za mita ya mraba. Upepo wa kilomita 54 kwa saa unaisukuma kwa nguvu ya kama kilo 11. Nguvu hiyo ikikaa sentimita kumi tu nje ya mhimili, mota inatakiwa kuhimili kilo-sentimita 110. SG90 ina 1.8, na meno yake ni ya plastiki. Hata MG996R ya meno ya chuma ina kama kumi. Unahitaji jeki ya umeme, ile fimbo inayorefuka na kufupika iliyokuwa ikizungusha madishi makubwa ya satelaiti, pamoja na fremu ya chuma, beringi, na swichi za kuikata mwishoni. Kuna na nyaya zinazopinda kila siku hadi zinakatika ndani ya ganda, na huoni kitu kwa nje. Unajua tu pale mkondo unapokatika paneli ikiwa upande mmoja na kurudi ikiwa upande mwingine.

Na yote hayo yanashindana na kitu kimoja: paneli nyingine ya wati 25 au 30. Ulizia bei yake, kisha ulizia bei ya jeki peke yake. Kwa nyumba, kwa duka, kwa taa na friji, jibu langu ni hapana, ongeza paneli.

Inakolipa ni kwenye mashamba makubwa, ambako mota moja inageuza safu nzima ya paneli na kuna fundi wa zamu. Rwamagana, Rwanda, kuna kituo cha megawati 8.5 kilichoanza kazi mwaka 2014, paneli zaidi ya 28,000 zinazogeuka mashariki hadi magharibi kwa kuongozwa na kompyuta, na faida inayotajwa pale ni kama asilimia 20.

Mwingine mwenye hoja ni mwenye pampu ya maji isiyo na betri. Pampu haianzi kabisa hadi ipate wati za kutosha, kwa hiyo asubuhi paneli iliyolala inazalisha na maji hayatoki. Hapo kugeukia jua kunaongeza saa za kusukuma maji, si wati tu. Ila hata yeye nitamwambia ajaribu kwanza kugawa paneli zake, nusu zitazame mashariki, nusu magharibi, na aongeze moja au mbili. Hazina mota ya kufa katikati ya kiangazi.

Seti hii yenyewe nunua kama unafundisha wanafunzi, au unataka kujifunza kusoma vihisi. Kwa kazi hiyo ni nzuri, na bei yake si mbaya. Kabla ya kuifunga tu, nunua na rezista nne za omu 330.