Bando moja, simu tano: njia ipi ya kugawana data ununue

Duka letu la vifaa vya ujenzi lina watu watano wenye simu za kazi: mtu wa kaunta, mtu wa stoo, vijana wawili wa kupeleka mizigo, na mimi. Mwezi wa kwanza tulipoacha kununua vocha mmojammoja nilichukua bando la GB 40, nikaziunga laini zote bila kumwekea mtu yeyote kikomo. Tarehe 9 likaisha. Nilipofungua matumizi nikakuta laini moja ya kupeleka mizigo imekula GB 22. Kijana hakuwa akitazama filamu kama nilivyomdhania, na nilimwomba radhi. Simu yake ilikuwa inapandisha picha na video zake zote za miaka miwili kwenye Google Photos kwa data ya laini, usiku na mchana, naye hajui.

Tangu hapo nimejaribu njia nne. Nazipanga hapa kuanzia ile ningemshauri mtu aliye na hali kama yangu, yaani watu wachache ambao hawakai mahali pamoja.

Ya kwanza: kifurushi cha kundi chenye kikomo kwa kila laini

Hiki unakinunua kwa kampuni ya simu, kwa jina la familia au la ofisi. Kuna laini kuu inayolipa, na laini nyingine zinachota kwenye kapu lilelile. Mwenye laini kuu anaweka kiasi ambacho kila namba haitakivuka. Kijana akiwa njiani na mzigo bado yumo kwenye kundi, na asichotumia kinabaki kapuni kwa wenzake. Kwa sababu hiyo ya mwisho nakiweka juu ya njia nyingine zote.

Ila vifurushi hivi havifanani, na tofauti kubwa iko kwenye swali moja: laini ikigonga kikomo, nini kinatokea? Kuna inayokatika hadi mwezi ujao. Kuna inayoendelea taratibu mno. Na kuna inayohamia kwenye salio la kawaida la mwenye simu, na hapo shilingi zinayeyuka kwa bei ya nje ya bando. Mhudumu wa dukani anaweza kukujibu vingine kabisa na mtambo wao ulivyo, kwa hiyo pima mwenyewe siku ileile ya kununua. Chukua laini moja, weka salio la shilingi 500, ipe kikomo kidogo kuliko vyote kinachoruhusiwa, tuseme MB 100, halafu zima Wi-Fi na ucheze video. Ikikata na zile 500 zikabaki, umepata kitu kizuri. Zikipungua, rudi ukaombe matumizi ya nje ya bando yafungwe kwenye kila laini kabla hujawapa watu. Usishangae ikipitiliza MB chache. Hesabu ya matumizi haifiki kwenye mtambo papo kwa papo.

Uliza pia kama unaweza kupandisha kikomo katikati ya mwezi wewe mwenyewe kwa simu yako, bila kupiga foleni. Nisipoweza kufanya hivyo, sinunui. Siku ya mzigo mkubwa, mtu wa stoo anatuma picha za mali kutwa nzima, na hawezi kusubiri ofisi ya wateja ifunguliwe Jumatatu.

Kiasi cha kila mtu usikibuni. Acha kila mmoja atumie siku 7 za kawaida, kisha soma kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, kwa laini ya kazi. Zidisha kwa 30, gawanya kwa 7, ongeza sehemu moja ya tano. Vijana wetu wa mizigo walitumia GB 0.9 kila mmoja kwa wiki: inakuwa kama 3.9 kwa mwezi, na nyongeza inaifikisha 4.6. Nikawawekea 5. Kaunta ikapata 6, stoo 4, mimi 10. Jumla ni 30 kati ya 40. Zile 10 zilizobaki sikumgawia mtu, na nakusihi nawe usigawe kapu lote. Hiyo ndiyo akiba unayochota unapompandishia kikomo aliyekwama. Ukigawa zote 40, kumwongezea mmoja kutakulazimu kumpunguzia mwingine aliyepangiwa tayari.

Kwa mtoto wa nyumbani, kifurushi kikiruhusu, chagua kikomo cha siku kuliko cha mwezi. GB 3 za mwezi zinaweza kwisha Jumamosi moja, ukaulizwa juu ya kazi za shule hadi mwisho wa mwezi. MB 100 za siku zinarudi kesho asubuhi.

Ya pili: kununua kubwa, kisha kuwagawia

Unanunua bando kubwa kwenye laini yako na kuwarushia wengine MB kupitia menyu ya kampuni, kile Wakenya wanachokiita kusambaza. Kikomo kinajiweka chenyewe: ulichomtumia ndicho alichonacho. Kwa familia ya watu watatu wanne inatosha, na haina mkataba. Udhaifu wake ni kwamba data ikishatoka hairudi, hata mpokeaji asipoigusa, na inafanya kazi ndani ya mtandao mmoja tu. Kabla ya kurusha, angalia inakwisha lini kwa mpokeaji. Gawa kila Jumatatu kiasi cha wiki, usigawe cha mwezi kwa mara moja.

Ya tatu: ruta moja ya laini

Kama wote mnakaa chini ya paa moja, ipandishe hii iwe ya kwanza. Laini ni moja, bando ni moja, na simu zinaunganishwa kwa Wi-Fi. Tatizo ni kikomo cha kila mtu. Ruta nyingi za bei nafuu hazina kabisa, na zilizo nacho huitambua simu kwa anwani ya MAC, yaani namba ambayo simu hujitambulisha nayo kwenye Wi-Fi. Simu za Android 10 kwenda mbele na iPhone za iOS 14 kwenda mbele huficha anwani yao halisi na kutumia ya kubuni, na mtumiaji anaweza kuibadilisha kwenye mipangilio. Akiibadilisha, ruta inamwona mgeni na kumhesabia upya kuanzia sifuri.

Dawa yake ni kuhesabu kwa jina na nywila badala ya simu. Ruta ndogo ya MikroTik kama hAP lite, ikiungwa kwa waya nyuma ya ruta ya laini, inafanya hivyo kwa huduma yake ya hotspot. Fundi akishaiwasha, GB 3 za mtu mmoja zinaandikwa hivi:

```
/ip hotspot user add name=stoo password=4471 limit-bytes-total=3221225472
```

Mwanzo wa mwezi hesabu zinafutwa:

```
/ip hotspot user reset-counters [find]
```

Ya nne: hotspoti ya simu ya bosi

Itumie siku ya dharura tu. Simu nyingi zinakuwekea kikomo cha jumla ya hotspoti, si cha kila aliyeunga, na kompyuta moja ikianza kupakua masasisho ya Windows wote mnabaki mikono mitupu. Kwenye kompyuta hiyo washa kwanza `Metered connection`. Na mwenye simu akitoka kwenda benki, ofisi nzima inazimika.

Ukichagua ile ya kwanza, sajili laini za kazi kwa jina la biashara. Kwetu mfanyakazi mmoja aliondoka na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kuirudisha hatukuweza, tukabaki na la kufanya moja, kuitoa kwenye kundi siku hiyohiyo. Wateja waliokuwa na namba ile bado wanampigia yeye.