Kunukuu neno kwa neno au kueleza upya?

Mwanafunzi wa Kisumu anayeandika kuhusu gugumaji la Ziwa Viktoria husoma: "Gugu huzuia mwanga kupenya, mimea ya chini hudhoofika na oksijeni hupungua." Akinukuu, ataweka alama za mtajo, jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Kueleza upya ndiko kunakonasa wengi, kwani akiandika, "Gugu hukinga nuru isiingie, mimea ya chini hufifia na oksijeni hushuka," amebadili maneno tu na kubakiza muundo wa mwandishi wa awali, na huo huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma hata akitaja chanzo. Afadhali afunike kitabu, aandike, "Oksijeni hupungua kwa sababu mimea iliyo chini ya gugu imekosa mwanga," alinganishe, kisha ataje chanzo. Mimi hupendelea njia hii, isipokuwa kwa fasili, ambazo hunukuliwa zilivyo.