Kivinjari kinachojaza fomu chenyewe: simu nimekiachia, majina naandika kwa mkono

Nina steshenari hapa Chake Chake, na siku hizi wanaokuja kutoa kopi ni wachache kuliko wanaokuja kujaziwa maombi mtandaoni: ajira, mkopo wa masomo, nafasi ya chuo. Kwa hiyo huku kujaza kiotomatiki kwa vivinjari nakutumia kutwa. Kwenye namba ya simu na barua pepe sina lawama nako hata kidogo. Kwenye majina na anwani, kunahitaji kuchungwa.

Kivinjari hakijui unaulizwa nini, kinakisia tu. Kinatazama maandishi yaliyo kando ya kisanduku, na pia jina ambalo fundi wa fomu amekipa kisanduku hicho ndani ya msimbo, jina ambalo wewe mjazaji hulioni. Fomu zetu huuliza jina lako, la baba na la babu, na hapo ndipo mambo huharibika. Ipo fomu moja ya ajira ambayo kila ukikubali pendekezo, jina la mwombaji linaingia mara mbili. Tuseme anaitwa Zuwena Hamad Juma: juu inakaa Zuwena, na kwenye jina la baba inakaa Zuwena tena. Nilibofya kulia juu ya kisanduku hicho, nikachagua Inspect, nikaona hivi:

```
<label>Jina la baba</label>
<input name="fname">
```

Aliyeitengeneza bila shaka alikuwa anafupisha `father name`. Lakini vivinjari vimezoea kuichukulia `fname` kuwa jina la kwanza, basi vikalitia la kwanza. Angeandika `jina_la_baba`, mchezo ungeisha. Mimi mjazaji siwezi kumrekebishia fomu yake, ila sasa najua kwamba kufuta jina lililohifadhiwa na kuliandika upya hakutasaidia kitu. Kwenye fomu kama hiyo jina la baba unaliandika kwa mkono, ukilinganisha na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi.

Anwani ya zamani ni ugonjwa mwingine. Alikuja dada mmoja na kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa akikaa Fuoni, sasa yupo Wawi. Alianza kwenye barua pepe, akachagua pendekezo, na kivinjari kikajaza na visanduku vya chini ambavyo hatujavifikia: Mkoa, Wilaya na mtaa, vyote vya Unguja. Ukichagua pendekezo kwenye kisanduku kimoja, kivinjari huweza kumwaga taarifa yote, na visivyoonekana kwenye kioo vimo. Alama ni rangi: Chrome hupaka kisanduku ilichokijaza buluu hafifu, Firefox manjano. Ukikigusa na kuandika, rangi inaondoka. Kwa hiyo kabla ya kutuma nateremka hadi chini kabisa, na kila chenye rangi nakisoma. Ukishachapisha nakala rangi haipo tena, na sheha atakayegonga muhuri anaijua shehia yake.

Anwani ile tukaifuta, lakini kwenye kisanduku cha mtaa pendekezo la zamani likarudi. Kumbukumbu ni mbili. Ya kwanza ni anwani nzima iliyohifadhiwa, jina na simu zikiwa ndani yake. Kwenye Chrome unaifikia kwa kuandika `chrome://settings/addresses` juu kwenye upau wa anwani, na hapo unaihariri au kuifuta. Ya pili ni maneno mojamoja uliyowahi kuandika kwenye kisanduku chenye jina lilelile, na hayo hayamo kwenye orodha ile. Neno "Fuoni" lilikuwa huku. Kwenye kompyuta ya Windows unashuka kwa mshale mpaka juu ya pendekezo, kisha unabonyeza Shift na Delete pamoja. Likaondoka.

Kwa wenye steshenari wenzangu, na wateja wao: wengi hufungua dirisha la faragha wakidhani limewakinga. Dirisha hilo halihifadhi kipya, lakini anwani zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta Chrome bado inaweza kuzipendekeza humo humo, na ndipo mtu wa Konde hujikuta na jina la mtu wa Mkoani. Linalofaa ni dirisha la mgeni, lile la Guest ukibofya picha ya akaunti juu kulia. Halina anwani ya mtu yeyote, na ukilifunga halibaki na kitu. Kwenye simu halipo, kwa hiyo wa simu kazi yao ni kuteremka na kusoma.