Kisanduku cha funguo na kitasa cha namba: uzoefu wangu na wageni wa Mtwara

Nyumba ninayopangisha iko Shangani, Mtwara mjini, na mimi naishi Masasi. Wageni wangu wengi ni watu wa kazi: wanunuzi wa korosho mnada ukianza, mafundi wanaokwenda kwenye gesi Madimba, na wafanyabiashara waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Basi la Dar likichelewa, mtu anashuka usiku na mimi siko. Kwa hiyo nilifunga kisanduku cha funguo ukutani kando ya geti, na kitasa cha namba kwenye mlango wa nyumba. Ufunguo wa geti unakaa kisandukuni, mlango hauhitaji ufunguo.

Vifaa vyenyewe ni vizuri, navipa nyota nne kwa tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya maelekezo ya Kiswahili yaliyokuja navyo. Kwa kisanduku yalisema "ingiza msimbo, vuta mlango". Kwa kitasa, "ingiza msimbo, thibitisha". Mgeni aliyechoka, gizani, mzigo begani, anasoma "ingiza" na kuanza kutafuta vitufe vya kubonyeza kwenye kisanduku ambacho hakina vitufe, kina vigurudumu vinne. Ndipo nikaandika ya kwangu, kila mstari jambo moja la mkono, na baada yake kile ambacho mgeni ataona au kusikia. Ya getini yanasomeka hivi:

"Washa tochi ya simu. Ukutani, mkono wa kulia wa geti, usawa wa kifua, kuna kisanduku cheusi. Shusha kifuniko chake cha mpira. Zungusha vigurudumu mpaka namba zako nne zikae sawa kwenye mstari mweupe. Shusha kitufe cha pembeni, usikiachie. Kwa mkono wa pili vuta uso wa kisanduku. Ufunguo uko ndani."

Hayo maneno "usikiachie" na "kwa mkono wa pili" ndiyo yaliyopunguza simu za usiku. Watu walikuwa wanashusha kitufe, wanakiachia, halafu ndiyo wanavuta. Na kigurudumu kimoja kikiwa nusu ya namba, kitufe hakishuki kabisa, ndiyo maana nasisitiza mstari mweupe. Mwisho naongeza: "Ukishatoa ufunguo, funga kisanduku, kisha vuruga namba." Asipovuruga, namba zinabaki zimepangwa na mpita njia yeyote anazisoma.

Namba za kisanduku nazibadilisha kila mgeni anapoondoka. Mimi niko mbali, lakini Mtwara mjini nina kijana wa kufanya usafi, kwa hiyo kwa mkono anazibadilisha yeye: anafungua, anasogeza kijiti kidogo kilicho nyuma ya uso wa kisanduku, anapanga namba mpya, anakirudisha kijiti. Mpya huwa ni tarakimu nne za mwisho za simu ya mgeni anayekuja. Hakuna haja ya kuikariri, na tafsiri haiwezi kuiharibu.

Mlangoni ndiko kulikuwa na shughuli zaidi. Mgeni mmoja kutoka Dar alinipigia usiku.

"Dada, namba haikubali."

"Pole kaka. Ukimaliza kubonyeza unaona nini?"

"Namba zinawaka, nabonyeza zote sita, kinakaa kidogo kinazima."

"Taa nyekundu haiwaki?"

"Haiwaki kitu."

Hapo nilijua namba yake haijakataliwa. Kitasa changu kikipewa namba mbaya kinawasha nyekundu na kulia mara mbili tatu. Kikizima kimya kimya, maana yake kimesubiri ishara ya mwisho hakikuipata. Nikamwambia, "Malizia na reli, kama unavyoangalia salio." Nikasikia mota ya kitasa kwenye simu, halafu yeye akicheka. Maelekezo ya kiwanda yalimwambia "thibitisha", lakini hakuna kitufe kilichoandikwa hivyo. Nyota na reli kila mtu mwenye laini ya simu Tanzania anazijua. *150*00# tunaibonyeza kila siku. Siku hizi naandika: "Gusa kitasa kwa kiganja, namba zitawaka. Bonyeza namba zako sita, malizia na reli (#). Ukiona taa ya kijani, shusha mkono wa kitasa hapo hapo." "Hapo hapo" kwa sababu baada ya sekunde chache kinajifunga tena, na mgeni anadhani kimemkataa.

Kuna na hili: akikosea mara tano mfululizo, kitasa kinagoma kwa dakika kadhaa hata akiweka namba sahihi. Kwa hiyo mstari wa mwisho unasema, "Ukiona nyekundu mara mbili, acha, nipigie." Mara mbili, isiwe tano.

Sasa saa. Hapa tafsiri inaumiza watu kweli. Programu ya kitasa hutuma ujumbe wake wenyewe kwa mgeni, na namba niliyoiweka ianze kazi 14:00 ilitafsiriwa "kuanzia saa 2 mchana". Mgeni akasoma saa mbili, akafika asubuhi na mapema akitokea Masasi, akakuta nyekundu. Ule ujumbe nimeuzima. Natuma wangu: "Namba inaanza kufanya kazi Ijumaa saa 8 mchana, inaisha Jumapili saa 4 asubuhi." Kwa mgeni wa nje anayehesabu saa kwa mtindo mwingine naweka 14:00 na 10:00, siweki zote mbili kwenye ujumbe mmoja.

Anayefika saa 7 usiku anahitaji uangalifu wa pekee. Akisema "nafika Jumamosi usiku saa saba", kwenye kalenda ya programu hiyo ni Jumapili tayari. Nikiweka namba ianze Jumapili mchana, atalala nje. Namuuliza, "Ni usiku wa kuamkia Jumapili?" Akisema ndiyo, namba inaanza Jumamosi saa 8 mchana.

Na namba za muda za kitasa changu zina sharti ambalo maelekezo yamelificha chini kabisa kwa herufi ndogo: lazima itumike angalau mara moja ndani ya saa 24 tangu ianze, la sivyo inakufa. Mgeni aliyekwama Lindi kwa shughuli zake alifika siku mbili baadaye akakuta namba haifanyi kazi, ilhali siku zake zilikuwa bado. Nilimtengenezea nyingine kwa simu. Sasa nimeandika wazi: "Ukiahirisha safari mpaka kesho yake, niambie nikupe namba mpya."

Kwa wageni wa Msumbiji, mwalimu mmoja ninayemfahamu aliyaweka maneno yangu kwa Kireno. Haikumchukua muda, kwa sababu sentensi ni fupi na zinaanza na kitendo. Alama ya # haikutafsiriwa jina, imechorwa tu, pamoja na picha ya kisanduku iliyopigwa mchana na nyingine usiku.

Kama unanunua kwa ajili ya pwani, jua kwamba chumvi inakaza vigurudumu. Usitie mafuta ya kula wala ya mashine, yanashika vumbi la barabarani; kwaruza risasi ya penseli upate unga, nyunyiza ndani. Kitasa kinatumia betri nne za AA, hivyo umeme ukikatika hakidhuriki. Betri zikiisha kabisa kuna tundu la chaji chini yake, mgeni anachomeka pawabenki, kinaamka, anaweka namba kama kawaida. Mstari huo nao uko kwenye ujumbe wangu, na ufunguo wa akiba yupo nao jirani wa nyumba ya pili.